Somo la Tisa: Safu ya Maswali ya Kisukari

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kuandika habari ya mkutano wa kijiji na tangazo la mnada. Leo utajifunza kazi nyingine ya gazeti la darasa. Utajifunza kujibu maswali ya wasomaji juu ya ugonjwa wa kisukari.

Sehemu ya gazeti inayorudi kila toleo, mahali pale pale na kwa jina lile lile, huitwa safu. Magazeti ya wanakisomo si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1974 lilianzishwa Mwanza gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma na kuandika. Gazeti lenu linaweza kuwa karatasi mbili tu, zikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Hata hivyo watu watalisoma, na wengine watafanya kama lilivyosema. Kwa hiyo mwandishi wa safu ya afya anabeba mzigo. Habari ya mnada ikikosewa, mtu atapoteza safari. Jibu la kisukari likikosewa, mtu anaweza kupoteza mguu au maisha.

Utawasikia wazee hapa Ufipa wakisema kwamba kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Zamani walikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1989 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania. Aliyekuwa na kisukari alikuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walikuwa kama 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa sawa katika miaka hiyo miwili, lakini hapana shaka kwamba ugonjwa umeongezeka. Ndiyo maana barua zitakuja, toka Laela, toka Mpui, toka Matai na hata toka kule bondeni Muze.

KISUKARI NI NINI?

Kabla ya kujibu barua yoyote, mwandishi mwenyewe lazima aelewe jambo lenyewe. Lieleze hivi.

Ugali tunaokula hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Mwili huitumia kama kuni za kupata nguvu. Lakini sukari haiwezi kutoka katika damu na kuingia mwilini vizuri bila kitu kiitwacho insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, ambayo ipo tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa mgonjwa wa kisukari, insulini haipo, au ipo lakini haifanyi kazi ya kutosha. Basi sukari hujaa katika damu. Figo hujaribu kuitoa kwa njia ya mkojo, na maji mengi hutoka pamoja nayo. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, huona kiu sana, na hukonda ingawa anakula.

Ziko aina mbili kubwa. Aina moja huanza mara nyingi utotoni au ujanani. Mgonjwa huyo hana insulini kabisa, na lazima adungwe sindano ya insulini kila siku. Aina ya pili huwapata zaidi watu wazima, na wengi wao hutumia vidonge. Aina zote mbili haziambukizi.

GAWA BARUA KATIKA MAFUNGU MATATU

Watu wataweka barua zao katika sanduku la maswali. Juu ya sanduku andika kwa herufi kubwa: MGONJWA ALIYEZIDIWA HAANDIKIWI BARUA. APELEKWE ZAHANATI SASA. Kisha fungua sanduku kila siku, hata kama gazeti hutoka mara moja kwa mwezi. Soma barua zote siku ile ile, uzigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni barua za leo. Hizi haziwezi kungoja gazeti.

Fungu la pili ni barua za wote. Hizi zinauliza jambo ambalo jibu lake linawafaa wasomaji wengi.

Fungu la tatu ni barua za mtu mmoja. Hizi zinauliza jambo ambalo jibu lake linategemea mwili wa mwandishi wake peke yake.

Sasa tutatazama mfano mmoja wa kila fungu. Barua hizi tumezitunga kwa ajili ya somo, lakini zinafanana na zile utakazopokea.

1. BARUA YA LEO

"Ndugu mhariri, mtoto wangu wa kiume ana miaka tisa. Mwezi huu anakunywa maji kupita kiasi, hata usiku anaamka kunywa. Alikwisha kuacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Chakula anakula, lakini amekonda mpaka kaptura inamvuka. Alipewa dawa ya malaria, hakupata nafuu. Majirani wanasema ametupiwa kitu. Tangu jana anatapika. Je, huu ni ugonjwa gani? Naomba mnijibu gazetini. Ni mimi mama yake."

Barua hii imeandikwa vizuri. Mwandishi mpya ataona imefaa sana kwa safu, ataiweka kwenye faili la toleo lijalo. Toleo lijalo ni baada ya majuma matatu. Huenda mtoto huyo asiwe hai wakati huo.

Kwa nini tunasema hivyo? Mtoto asiyekuwa na insulini hawezi kutumia sukari, kwa hiyo mwili wake huanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Kazi hiyo huacha uchafu mchachu katika damu. Uchafu ukizidi, mtoto huumwa tumbo na kutapika. Anahema kwa nguvu na haraka. Pumzi yake inaweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kisha husinzia, na mwisho hupoteza fahamu. Kutoka kutapika hadi kupoteza fahamu yaweza kuwa siku moja au mbili, pengine saa chache tu.

Basi fanya hivi. Usiandike kitu. Mtafute mama huyo leo. Kama ameweka namba ya simu, mpigie. Kama hakuweka, mtume mtu kwa baiskeli au pikipiki. Mwambie maneno haya:

"Mama, mpeleke mtoto hospitali leo hii, usingoje kesho. Ukifika, waambie kwamba anakunywa maji sana, anakojoa sana, amekonda, na sasa anatapika. Waombe wampime sukari katika damu."

Tazama maneno hayo kwa makini. Hukumwambia kwamba mtoto ana kisukari. Hujui. Wewe umesoma barua tu, hukumwona mtoto. Lakini huna haja ya kujua jina la ugonjwa ili umpeleke mtu hospitali. Tena umempa mama sentensi ya kusema. Hilo ni jambo kubwa. Mtoto anayetapika na kulegea akifika mahali penye malaria nyingi, watu hufikiria malaria kwanza. Mama akisema maneno yale manne, tabibu atakumbuka kupima sukari. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni, na majibu huonekana kabla hata ya dakika moja. Mtoto akionekana ana malaria, bado apimwe sukari, kwa sababu ugonjwa mmoja hauzuii mwingine.

Je, na maneno ya majirani? Watu husema kwamba jina la Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Usimcheke mama, wala usianze kubishana naye juu ya uchawi, maana mkibishana jua litatua. Mwambie tu, "Mama, mengine mtayazungumza baadaye. Kipimo kwanza."

Kumbuka pia kwamba ugonjwa wa mtoto kama huyu una dawa. Zamani haukuwa nayo, na watoto wote wa namna hii walikufa. Mwezi Januari mwaka 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini. Alikuwa mgonjwa wa kisukari wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo, akapata nafuu, akaishi miaka mingine 13. Tangu hapo mtoto akiwahishwa hupona hatari ile. Anaendelea kudungwa insulini kila siku, na anaweza kusoma, kulima na kuoa.

Mtoto akiisha kufikishwa hospitali, hapo ndipo unaweza kuandika kwa ajili ya wote. Usitaje mtoto wala mama wala kijiji. Andika hivi: "Mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa sana au aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayekonda na kuchoka, apimwe sukari siku ile ile. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinzia, apelekwe hospitali hata kama ni usiku."

2. BARUA YA WOTE

"Ndugu mhariri, baba yangu ana kisukari. Hapa kwetu wanasema ugali wa ulezi hauna sukari, na wa sembe ndio wenye sukari. Je, ale ulezi tu? Na asali je, maana si sukari ya dukani? Asante."

Swali hili ni la wote. Katika Ufipa yote watu wanalima mahindi na ulezi, na kila nyumba yenye mgonjwa inajiuliza hivyo. Tuseme wewe umeandika jibu la kwanza hivi:

"Ugali wa ulezi ni dawa ya kisukari. Baba ale ulezi kadiri apendavyo, aache sembe kabisa. Asali haina madhara kwa sababu ni kitu cha asili."

Sasa jibu hilo unampelekea daktari. Huenda ni daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Sumbawanga, au wa Hospitali ya Dk. Atiman, au tabibu wa kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Usimwambie tu, "Daktari, tazama kama ni sawa." Watu wa hospitali wana kazi nyingi, naye atapitisha macho na kusema ni sawa. Mwulize maswali matatu yaliyoandikwa:

La kwanza, ni lipi hapa lisilo kweli?

La pili, ni mgonjwa gani anaweza kudhurika akifuata maneno haya?

La tatu, ni wakati gani msomaji aache kusoma na kuja hospitali?

Acha nafasi pana kati ya mistari ili daktari aweze kuandika. Karatasi ikirudi utaona kalamu nyekundu. Tazama daktari anaweza kuandika nini.

Kwenye neno "dawa" anaandika: "Si dawa. Ulezi una wanga kama mahindi, na wanga wote hugeuka sukari. Tofauti ni mwendo. Ulezi na dona vina pumba, kwa hiyo sukari hupanda polepole kuliko ya sembe. Lakini bonge kubwa la ulezi litapandisha sukari kuliko bonge dogo la sembe."

Maneno "kadiri apendavyo" ameyafuta.

Kwenye asali ameandika: "Asali ni sukari. Nyuki hawajui kisukari."

Na chini kabisa, kujibu swali lako la pili, ameandika: "Baba huyu anatumia dawa gani? Kama anadungwa insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, na ghafla anapunguza ugali, sukari yake inaweza kushuka mno akaanguka."

Maneno hayo ya mwisho usingeyapata peke yako. Kila mtu anajua kwamba chakula kingi kinamdhuru mgonjwa. Wachache wanajua kwamba hata kupunguza chakula ghafla kunaweza kumdhuru, ikiwa kipimo cha dawa kimebaki kile kile. Ndiyo maana tunamwuliza daktari nani atadhurika, hatumwulizi tu kama jibu ni la kweli.

Baada ya hapo unaandika upya:

"Ugali wa ulezi na wa dona ni bora kuliko wa sembe, lakini wote hugeuka sukari mwilini. Kinachohesabiwa zaidi ni ukubwa wa bonge. Gawa sahani kwa macho. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, kama majani ya maboga au kabichi. Robo iwe maharage au samaki. Robo iliyobaki iwe ugali. Viazi na ndizi ni wa upande wa ugali, si wa upande wa mboga. Asali ni sukari, asiifanye chakula. Mgonjwa anayedungwa insulini au anayemeza vidonge vya kisukari asipunguze chakula kwa ghafla wala asiruke mlo. Aulize kwanza siku yake ya kliniki, ili dawa na chakula viende pamoja."

Mbele ya jibu hilo andika jina la safu. Nyuma yake andika: "Jibu hili limesomwa na daktari," pamoja na tarehe. Jina la daktari litajwe kama mwenyewe amekubali. Karatasi yenye kalamu yake na sahihi yake itunzwe katika faili la darasa.

3. BARUA YA MTU MMOJA

"Ndugu mhariri, nina miaka 54. Nimemeza vidonge vya kisukari miezi saba sasa. Juzi nilipimwa asubuhi kabla ya kula, nikaambiwa 6. Mwenzangu tunayekwenda naye kliniki alipimwa kwa mashine nyingine, akaambiwa 130. Je, yeye ana hali mbaya sana? Na mimi nimepona? Je, niache vidonge, au nimeze kimoja badala ya viwili?"

Katika barua hii yamo maswali matatu. Mawili unaweza kuyajibu. La tatu huwezi, wala daktari hawezi kulijibu gazetini. Usiitupe barua nzima kwa sababu ya swali moja. Likate kama mtu anayechambua maharage.

Swali la kwanza ni la hesabu. Sukari ya damu hupimwa kwa vipimo viwili, kama vile njia inavyoweza kupimwa kwa maili au kwa kilomita. Kipimo kimoja huitwa milimoli kwa lita, na namba zake ni ndogo. Cha pili huitwa miligramu kwa desilita, na namba zake ni kubwa. Ukitaka kugeuza namba ndogo kuwa kubwa, zidisha kwa 18. Basi 6 mara 18 ni 108. Kwa hiyo mmoja ana 108 na mwenzake ana 130. Tofauti ipo, lakini si ile waliyoiogopa. Tangu leo weka kanuni hii: safu yenu isichapishe namba ya sukari bila kutaja kipimo chake, na bila kusema kama mtu alikuwa amekula au hajala. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, madaktari husema ana kisukari ikiwa namba ni 7 au zaidi katika kipimo kile cha namba ndogo. Kama hana dalili, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa.

Swali la pili, "nimepona?", ndilo linalokuja mara nyingi kuliko yote. Jibu ni hili: namba imekuwa nzuri kwa sababu dawa na chakula vinafanya kazi. Ukiinua mwamvuli mvua haikulowi, lakini mvua haijakatika. Anayeacha dawa kwa sababu ya namba nzuri, mara nyingi namba hupanda tena, na yeye hajisikii chochote kwa miezi mingi. Huku nyuma macho, figo na mishipa ya miguu vinaharibika.

Hapa pia ndipo yanapokuja maswali ya dawa za miti. Utakumbuka kwamba mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila. Walikunywa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyosemwa kwamba yanapona kwa kikombe hicho. Safu yako haina kazi ya kumtukana mganga wala mchungaji, maana msomaji aliyetukanwa hasomi tena. Sema mambo mawili tu. Asiache dawa ya hospitali, hasa insulini. Na akinywa dawa nyingine yoyote amwambie daktari, kwa sababu nyingine hushusha sukari zikachangana na vidonge.

Swali la tatu ni kama apunguze vidonge. Hapo andika mpaka wa safu waziwazi: "Swali lako la vidonge hatuwezi kulijibu hapa. Daktari anayekutibu hutazama uzito wako, figo zako, dawa nyingine unazotumia na namba zako za miezi iliyopita. Sisi tumeona barua moja tu. Usiache wala usipunguze kabla hujaonana naye. Siku yako ya kliniki chukua daftari lako na pakiti ya vidonge, umwonyeshe."

Ndugu msomaji, angalia jinsi mpaka huo ulivyoandikwa. Waandishi wengi huandika chini ya safu, kwa herufi ndogo, "Mwone daktari kwa ushauri zaidi." Maneno hayo hayamsaidii mtu. Daktari yuko mbali, nauli ni kubwa, na msomaji hajui kama ni jambo la leo au la mwezi ujao. Mpaka mzuri unasema mambo matatu: kwa nini hatujibu, aende lini, na achukue nini. Kwa neno "lini", tumia moja ya haya matatu tu: nenda leo, nenda wiki hii, au uliza siku yako ya kliniki.

Jambo moja zaidi juu ya barua hii. Usiichapishe na miaka 54 na miezi saba na habari za mwenzake. Kijijini watu wanajuana. Kuficha jina hakutoshi ikiwa kila mtu atasema, "Aa, huyu ni fulani." Andika tu: "Msomaji mmoja anayetumia vidonge anauliza."

SENTENSI ISIYOKATWA

Siku ya kupanga gazeti, mara nyingi maandishi huzidi karatasi. Mpangaji hukata mstari mmoja hapa na mmoja pale. Katika safu ya afya kukata huko ni hatari. Soma jibu hili lililokwisha kutiwa sahihi:

"Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari akitoka jasho, akitetemeka, akiona njaa kali au akiongea kama mlevi, huenda sukari yake imeshuka mno. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Kama hana fahamu, usimmiminie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali sasa."

Mpangaji anaona karatasi imejaa. Anakata "Kama yu macho na anaweza kumeza", na ile sentensi ya mtu asiye na fahamu. Maneno yaliyobaki bado yanasomeka vizuri. Lakini sasa yanamfundisha mtu kumimina maji katika koo la mgonjwa aliyezimia. Maji yataingia mapafuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kupeleka karatasi kwa mpangaji, pigia mstari sentensi zenye "kama", "usi-" na "sasa". Hizo hazikatwi. Nafasi ikikosekana, ondoa swali zima, lingoje toleo lijalo. Na neno lolote likibadilishwa baada ya sahihi ya daktari, karatasi irudi kwake.

Kosa likigunduliwa baada ya gazeti kutoka, usingoje. Bandika masahihisho siku hiyo hiyo juu ya gazeti lililo ubaoni. Katika toleo lijalo yaandike tena, pale pale penye safu, kwa herufi zile zile.

MANENO MAPYA

Insulini: kitu kinachotengenezwa na kongosho ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini.
Kongosho: kiungo kilicho tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula.
Mpaka wa safu: maneno yanayosema ni nini ambacho gazeti haliwezi kujibu.
Wanga: sehemu ya chakula kama ugali, viazi na ndizi inayogeuka kuwa sukari mwilini.

MASWALI

1. Kwa nini barua ya mama wa mtoto wa miaka tisa haikuwekwa kwenye faili la gazeti?
2. Mama alipewa sentensi gani ya kusema hospitali? Kwa nini?
3. Mtu ameambiwa sukari yake ni 9 katika kipimo cha namba ndogo. Katika kipimo cha namba kubwa ni ngapi?
4. Taja maswali matatu tunayomwuliza daktari.

KAZI YA KIKUNDI

Mwanakisomo mmoja aliandika hivi kwa ajili ya toleo la mwezi Juni:

"Wakati huu wa baridi, mgonjwa wa kisukari aote miguu motoni kila jioni ili damu itembee. Kidonda kidogo kisimsumbue, kitakauka chenyewe."

Someni maneno hayo katika kikundi. Tafuteni makosa mawili. Kisha andikeni upya, mweke na neno la "lini". Msitazame chini kabla ya kumaliza.

Haya, sasa tazameni. Kosa la kwanza: kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mgonjwa anaweza kuunguza nyayo zake karibu na moto bila kusikia maumivu. Avae soksi na viatu vinavyomtosha, na asiweke miguu motoni wala katika maji ya moto. Kosa la pili: kidonda cha mguuni kwa mgonjwa wa kisukari si kidogo kamwe. Hata kama hakiumi, aende zahanati leo. Kila jioni akague nyayo na katikati ya vidole, na kama haoni vizuri, mtoto wa nyumba amtazamie.

Kama kikundi chenu kimeona makosa yote mawili, pelekeni karatasi yenu kwa daktari. Yeye ndiye atakayewasahihisha mara ya mwisho.